Cheni haivutiki, inalika

Wasee wa boda, leo nitawaudhi kidogo. Ile cheni mpya uliyonunua juzi bila sproketi, ukarudi stendi ukijisifu umeokoa pesa, hujaokoa kitu. Umenunua cheni ya kuua. Nasema hivi bila kumcheka mtu, kwa sababu mimi nilifanya hiyo hesabu mbovu nikailipia karibu shilingi 8,000 na siku sita za kukaa nyumbani.

Mnaonifuata hapa mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikanishinda. Kabla vidio hazijaanza kunilisha, pikipiki ndiyo ilinilisha, na hadi leo asubuhi na jioni niko stendi hapa Machakos. Ni ya sisi 150, ya mkopo. Mathe ndiye aliyekopa kwenye chama chake, jina lake liko kwenye kile kitabu. Kwa hivyo pikipiki ikilala, si mimi tu ninayelala njaa. Ni mama anayeulizwa maswali mbele ya wenzake Jumapili.

Sasa mnisikize.

Mwezi wa nne cheni ilianza kulia. Kwanza "kra-kra" nikiondoka na gia ya kwanza, halafu ikawa inaning'inia hadi inagonga kava. Nilikuwa nimeshaikaza mpaka zile bolti za kukazia kule nyuma zikafika mwisho. Nikaenda kwa kijana mmoja anayetengeneza kando ya barabara, akaniambia, "Boss, hii imevutika, tukate tu pingili mbili." Akakata, akafunga, nikamlipa 200. Pikipiki ikatoka imekaza kama nyuzi za gita. Nikamwona ni injinia.

Baada ya wiki tatu kelele ikarudi. Safari hii nikaenda duka la vipuri. Muuzaji akaniuliza nataka seti ama cheni pekee. Seti, yaani cheni na sproketi zote mbili, ilikuwa 2,300. Cheni pekee 850. Wewe ungechagua nini, na siku hiyo una 1,100 mfukoni? Nikachukua cheni.

Wiki tisa baadaye nilikuwa napanda barabara ya kuelekea Iveti, nimebeba mama mmoja mwenye trei mbili za mayai. Mlima ulipokaza nikashuka gia, nikafungua moto. Cheni ikaruka meno, "ka!", ikaruka tena, halafu ikachomoka na kujikunja kule mbele kwenye sproketi ndogo. Gurudumu la nyuma likashikwa. Bahati tulikuwa mwendo wa polepole wa kupanda. Tuliyumba, tukasimama kwenye mtaro, mama akashuka kwa miguu yake. Mayai ndiyo hayakushuka vizuri. Kitu cha kwanza alichoniambia ni, "Kijana, na kama tungekuwa tunateremka?" Sikuwa na jibu, na hilo swali bado liko kichwani mwangu.

Nilipoinama niliona oili inachuruzika. Cheni ilikuwa imejibana kati ya sproketi na kasha la injini, ikapasua alumini. Kuchomelea ile nyufa na kurudishia oili, 4,500.

Fundi aliyechomelea ni mzee wa makamo, mtu wa maneno machache. Aliokota cheni yangu ya wiki tisa, akaiangalia, akaniuliza, "Kijana wangu, sproketi ulibadilisha lini?" Nikamwambia, "Mzee, hizo bado ziko sawa." Akafungua kile kikava cha kushoto karibu na mguu wa gia, akanionyesha sproketi ya mbele. Manze, meno yalikuwa yamechongoka na kulala upande mmoja, kama mawimbi yanayokaribia kuanguka. Miezi yote hiyo nilikuwa sijawahi kufungua kile kikava hata mara moja. Na ninyi wengi hamjawahi.

Halafu akanieleza kitu ambacho hakuna mtu stendi aliwahi kuniambia. Cheni haivutiki. Vile vibamba vya chuma havirefuki kama lastiki. Kinachotokea ni kwamba kila pingili ina pini inayozunguka ndani ya bushi, na hizo mbili zinasagana kila mara cheni inapojikunja kwenye sproketi. Vumbi na mchanga vikiingia pale, ni kama umeweka msasa. Pini inalika kidogo, bushi inalika kidogo, nafasi inazaliwa. Ukijumlisha nafasi hizo kwenye cheni nzima, cheni inakuwa ndefu.

Akachukua rula ya chuma. Cheni yetu imepigwa muhuri wa 428, na kwa cheni ya 428 umbali kati ya pini moja na inayofuata ni milimita 12.7, yaani nusu inchi. Kwa hivyo pingili 20 za cheni mpya ni milimita 254. Unahesabu pini 21, unavuta cheni inyooke, unapima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Ikifika 259, hiyo cheni imekwisha. Tofauti ni milimita 5 tu, karibu asilimia 2, na ndiyo maana macho pekee hayawezi kukuambia.

Cheni yangu ya wiki tisa ilisoma 259. Wiki tisa! Ile ya zamani, iliyokatwa, nilikuwa nimeitupa nyuma ya nyumba. Jioni nikaenda kuipima. Ilisoma 262.

Hebu tuiangalie hiyo 262 polepole, kwa sababu hapa ndipo ujanja wa kukata pingili unapoanguka. Milimita 8 zaidi kwenye pingili 20 ni 0.4 kwa kila pingili. Cheni ina pingili karibu 120, kwa hivyo nzima ilikuwa imeongezeka kama milimita 48. Kijana alipokata pingili mbili aliondoa kama milimita 25, ndiyo maana ikaonekana imekaza. Lakini zile 118 zilizobaki kila moja bado ilikuwa na ile 0.4 yake. Ulegevu ulipungua, ugonjwa ukabaki palepale. Ni sawa na kumpunja suruali mtu aliyekonda, bado amekonda.

Na sproketi inahusikaje? Sproketi mpya ina mabonde yaliyokatwa kwa ile 12.7, na rola za cheni mpya zinakaa ndani vizuri, meno mengi yakigawana mzigo. Cheni ikirefuka, rola hazikai tena chini ya bonde. Zinapanda juu ya jino, zinalisukuma upande mmoja, na polepole jino linakuwa ndoano. Cheni mbovu inachonga sproketi ifanane nayo.

Sasa wewe unakuja na cheni mpya ya 850, nzuri, ya 12.7, unaivisha juu ya meno yaliyochongwa na cheni ya 13.1. Haziongei lugha moja. Badala ya mzigo kugawanywa, rola chache ndizo zinabeba kila kitu. Na ile ndoano inashika rola wakati inapaswa kuiachilia, inaivuta kwa nguvu kila mzunguko. Cheni mpya inazeeka mbio hadi ifanane na sproketi. Ndivyo yangu ilivyomaliza maisha kwa wiki tisa. Ukifanya kinyume, uweke sproketi mpya na cheni ya zamani, ile cheni ndefu itaanza kuchonga meno mapya kesho yake. Ndiyo maana zinabadilishwa pamoja, zote tatu.

Ya mbele ndiyo inakufa kwanza, na sababu ni hesabu tu. Tuseme ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42. Kila gurudumu likizunguka mara moja, ile ya mbele imezunguka mara tatu, kwa hivyo kila jino lake linafanya kazi mara tatu ya jino la nyuma. Mtu anaangalia ya nyuma kwa sababu iko wazi, anaiona bado ina meno, anasema ziko sawa. Ya mbele imejificha ndani inacheka.

Kama huna rula, kuna kipimo cha mkono. Shika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa, ivute kuelekea nyuma, mbali na meno. Cheni nzima inakatalia pale. Ikitoka ukaona karibu nusu ya jino chini yake, imekwisha. Halafu angalia jino lenyewe. Linapaswa kuwa kama kilima chenye pande mbili sawa. Likiwa na upande mmoja uliolala au ncha kali ya kuchoma kidole, hapo hakuna mjadala. Ishara nyingine ni zile bolti za kukazia. Zikifika mwisho, hiyo ni pikipiki inakuambia cheni imekwisha. Haikuambii ukate.

Na niwe mkweli, si kila cheni mpya lazima ije na sproketi. Kama cheni iliharibika mapema, tuseme ilikaa kwenye mvua ikashika kutu hadi pingili zikakauka na kugoma kukunjika, na meno bado yana umbo lake, cheni pekee inatosha. Lakini fungua kikava uone. Usiniambie ziko sawa kama nilivyomwambia yule mzee.

Nilinunua seti. Tangu hapo nimejifunza mambo mawili ya kuifanya iishi, na yote hayahitaji pesa nyingi.

La kwanza ni ulegevu. Sisi wa stendi tunapenda cheni iliyokaza, eti ndiyo fiti. Hapana. Gurudumu la nyuma hupanda na kushuka kwa shokomzoba, na linapopanda kwa sababu ya mzigo, umbali kati yake na sproketi ya mbele unaongezeka. Cheni inahitaji ziada ya kujazia huo umbali. Ukiikaza pikipiki ikiwa tupu halafu ubebe abiria na gunia la mahindi, cheni inanyooka kama waya na kuvuta beringi za injini na za gurudumu. Unasikia mlio mwembamba, unafikiri ni cheni nzuri. Ni beringi inalia. Ikilegea sana nayo inapigapiga na kuruka, kama yangu.

Kitabu cha pikipiki yangu kinasema milimita 20 hadi 30, na pikipiki nyingi za aina hii ziko hapo hapo. Angalia chako, au kibandiko kwenye uma wa nyuma. Naiweka kwenye stendi ya katikati, gia nyutro, injini IMEZIMWA. Naenda katikati ya cheni ya chini, kati ya sproketi mbili, naweka rula wima. Nasukuma cheni juu kwa kidole, nasoma, naivuta chini, nasoma. Tofauti ya hizo mbili ndiyo ulegevu. Halafu nazungusha gurudumu kidogo kwa mkono, napima tena, mara nne au tano. Cheni haiishi sawa kila mahali, kuna sehemu imekaza zaidi. Ile iliyokaza zaidi ndiyo unayorekebishia. Ukirekebisha kwenye sehemu iliyolegea, ile nyingine itakuwa imenyongwa. Na kama tofauti kati ya sehemu hizo ni kubwa sana hadi hupati kipimo kinachofaa kote, cheni imeanza kwenda.

Kurekebisha si siri. Nalegeza nati kubwa ya ekseli, na ile ya chuma kinachoshikilia breki ya nyuma. Nazungusha zile bolti mbili za kukazia robo mzunguko kwa robo mzunguko, kulia na kushoto sawasawa, nikiangalia alama zilizochongwa pande zote mbili zisome sawa. Upande mmoja ukitangulia, gurudumu linakaa tenge na sproketi inasuguliwa ubavuni. Nakaza ekseli, napima TENA, kwa sababu kukaza kwenyewe kunaweza kuivuta. Narudisha pini ya kuzuia nati. Halafu nakanyaga breki ya nyuma, kwa maana gurudumu likisogea nyuma breki nayo inakaza. Nazungusha gurudumu kuhakikisha liko huru. Kabla ya kupanda naangalia klipu ya kiungo cha kufungia cheni. Upande wake uliofungwa uelekee kule cheni inakokwenda. Ukiuweka kinyume, siku moja kitu kitaigonga itoke.

La pili ni oili. Hapa wengi tunatumia oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, kwa sababu ni ya bure. Fikiria lakini, ile oili ni nyeusi kwa sababu imebeba masizi na unga wa chuma. Unachukua uchafu wa injini unaulisha pini. Wengine wanapaka grisi hadi cheni inaonekana keki. Grisi inabaki nje, haifiki kwenye pini, na vumbi la huku kwetu likishikana nayo unapata ule msasa niliosema.

Mimi natumia oili nzito ya gia, ile ya namba 90. Jioni nikimaliza kazi, cheni ikiwa bado na joto, naisugua kwa brashi na mafuta ya taa, naipangusa kwa kitambaa hadi ikauke. Petroli situmii, inaweza kuwaka na inakausha kila kitu. Halafu nazungusha gurudumu kwa mkono nikidondosha oili upande wa ndani wa cheni, ule unaogusa meno, kwenye mianya ya vibamba pande zote mbili. Ikizunguka, itatupwa kutoka ndani kuelekea nje, kwa hivyo inapita mahali inapohitajika. Naiacha ilale usiku ipenye. Asubuhi napangusa iliyobaki nje. Cheni iliyotiwa oili vizuri hailowi. Ikikurushia matone kwenye suruali, uliimwagia.

Mwendo wangu ni kama kilomita 100 kwa siku, na cheni inataka oili kila kilomita 500 hivi. Hiyo kwangu ni kila siku ya tano, na kila mara baada ya mvua. Inanichukua dakika 15.

Na jameni, injini izimwe. Najua ni rahisi kuwasha, kuweka gia ya kwanza na kushikilia kitambaa cheni ikijizungusha. Kuna msee wa stendi yetu aliyefanya hivyo. Sproketi ilivuta kitambaa, kitambaa kikavuta mkono. Ncha ya kidole chake cha shahada haipo.

Sasa ni mwezi wa tano tangu niweke seti. Jumapili iliyopita nilipima pingili 20 kabla ya mathe kwenda chama. Zilisoma 256. Kutoka 254 hadi 256 kwa miezi mitano ya vumbi la Machakos, wakati ile ya 850 ilitoka 254 hadi 259 kwa wiki tisa. Barabara ni ileile na dereva ni yuleyule.

Hesabu yangu ndiyo hii. Kukata pingili 200. Cheni pekee 850. Kuchomelea 4,500. Seti 2,300. Jumla 7,850, bila siku sita za kukaa na bila mayai, ambayo niliyalipa. Seti ningeweza kuinunua mwezi wa nne kwa 2,300 nikanyamaza. Ningekopa hizo 1,200 zilizopungua kwa mtu yeyote pale stendi, ningezirudisha kwa siku tatu.

Najua mtasema, "Wewe unaongea tu, pesa ya seti itatoka wapi?" Ilinikosa pia, na sijasahau. Ninachosema ni kwamba maskini ndiye hawezi kumudu kununua cheni mara mbili. Anza leo jioni na kile ambacho ni bure. Fungua kikava cha kushoto, angalia meno ya sproketi ya mbele, piga picha. Kisha niwekee hapa chini, nikuambie kama ni kilima ama ni wimbi.